Ndoo ya Maganda Koridoni

Nilipewa kazi ya kuandika skripti ya video ya kuchambua taka na kutengeneza mboji, kwa watu wa mjini wasio na pa kuchimba hata shimo. Nikajiona mjanja: nitunge ya nini, wakati mimi mwenyewe nimepanga chumba kimoja hapa Bariadi na wanangu wawili? Nikaning'iniza viroba viwili ukutani, kimoja cha plastiki, kingine cha chupa na makopo. Ndoo ya maganda, niliyoitoboa chini na ubavuni, haikuenea chumbani. Nikaiweka koridoni juu ya beseni.

Haikupita muda ikaanza kunuka, na si kunuka kidogo. Funza wakapanda ukutani hadi mlangoni kwa jirani. Mama mwenye nyumba alikuja hata salamu hakutoa. Mwisho wa mwezi nitoke, mimi na ndoo yangu.

Niliogopa vibaya. Chumba kingine karibu na shule ya watoto ningekipata wapi? Nikaisoma tena skripti niliyoandika, mstari kwa mstari nikitafuta nilipokosea, sikupaona. Basi nikaimwaga ndoo uani, nikachokonoa kwa kijiti. Vichwa vya sato. Ugali uliolala. Dagaa waliooza.

Jirani wa mlango wa pili alinitazama kwa huruma.

"Tulikuwa tunakusaidia kuijaza, mama," akasema. "Si iko koridoni? Tukajua ni ya wote."

Nilitamani kulia, nilitamani kumzaba kofi. Lakini alisema kweli. Katika nyumba zetu, fagio likishatoka nje ya mlango ni la wote, na kamba ya nguo vilevile. Mimi niliandika "kila kaya", kana kwamba kaya sita zilizobanana kwenye korido moja zina mipaka. Tena niliandika "funika kwa majani makavu", na uwanja wetu hauna mti hata mmoja.

Nikaanza upya. Samaki na ugali nje. Nikaomba maranda kwa seremala, nikachanachana maboksi ya dukani, nikawa naweka viganja viwili vya vitu vikavu kwa kila kiganja cha maganda, na kugeuza ili hewa ipite. Ndoo ikaingia chumbani, meza ya watoto ikatoka. Wakawa wanaandikia kitandani. Kila nikiamka nilikuwa nanusa kwanza. Hatimaye ikabaki harufu ya udongo uliolowa mvua.

Nikamwita mama mwenye nyumba. Aliinama, akachota, akanusa.

"Hainuki, mwanangu," akasema. "Ila chumba nimeshampa mtu. Ameshaanza kufunga mizigo."

Tulirekodi siku ya kuhama, vitu vyetu vikiwa vimeshatolewa nje. Kwenye video ninatabasamu, naeleza jinsi ndoo inavyokaa kwenye chumba kidogo cha familia. Ofisini waliisifu sana, ila mmoja akalalamika kwamba chumba changu kinaonekana kikubwa mno, watu hawataamini.