Kadi za Michango na Namba ya Mama

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo hapa Nachingwea, na mama alikuwa ameniruhusu simu kwa sharti moja. "Siku simu hiyo ikileta neno mlangoni kwangu," alisema, "nairudisha kabatini, na biashara yako imekufa."

Biashara yenyewe ilikuwa templeti za kadi za michango. Korosho zikishauzwa, harusi na ngoma hufuatana, na kila familia hutaka kadi ya kurusha kwenye makundi ya simu. Mimi nachora kadi, mwenye steshenari anainunua, anabadilisha majina, tarehe na namba ya kupokelea mchango, anamuuzia mteja wake. Picha ya kuonyesha niliiweka kwenye status, nimeandika SAMPULI katikati kwa herufi kubwa. Aliyelipa nilimtumia linki. Akiifungua anapata nakala yake ya kuhariri. Bei niliweka elfu mbili. Mtu akiniambia "punguza", napunguza hapohapo. Hata kwa kuandika naona aibu kukataa.

Laini yangu haijasajiliwa kwa jina langu, sina kitambulisho bado, kwa hiyo malipo yalipita kwa mama. Na nilipotaka namba ya mfano chini ya kadi, niliandika hiyohiyo ya mama. Niliona namba ya kubuni ingeweza kuwa ya mtu. Nilisahau kwamba ya mama nayo ni ya mtu.

Jumatatu moja mama aliniita jikoni. Alikuwa anapepeta kunde.

"Wewe. Watu wananitumia hela."

"Wateja hao, mama."

"Wateja gani wanaandika 'Mungu awajalie maharusi'?"

Kabla sijajibu, simu yake ikaita. Mwanamke kutoka Narung'ombe, huko Ruangwa, kwa sauti ya kugomba: "Shikamoo mama. Mchango wangu nimetuma tangu jana, hata ahsante hamna! Au mnataka tulete na mbuzi?"

Mama alinitazama. Nilijua simu yangu inaelekea kabatini.

Nilimwomba yule mwanamke anirushie kadi aliyoipata. Ilikuwa yangu, maua yaleyale ya zambarau, majina ya watu nisiowajua, na chini, kwa herufi ndogo, namba ya mama, hawakuibadilisha. Lakini Narung'ombe sikuwahi kumuuzia mtu. Mteja wangu upande wa Ruangwa alikuwa mmoja tu, mwenye steshenari mjini. Linki yangu ilikuwa inatembea bure.

Niliifunga palepale, nikijua waliokwishachukua nakala siwezi kuwanyang'anya. Nililia kidogo. Kaka yangu akacheka: "Msanii kaibiwa! Sasa umekuwa maarufu."

Mama hakucheka wala hakunigombeza. Alimwomba yule mwanamke namba ya baba wa bibi harusi, akampigia, akamsomea kila aliyetuma kwa jina, kisha akamtumia hela zote, akaongeza na ya kutolea. Yule baba, mzee wa Kimwera, akasema, "Mama, mwingine angezima simu." Akauliza kadi hii kaitengeneza nani. Mama akasema, "Binti yangu," kama anayetaja daktari. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango.

Jioni yule mwenye steshenari wa Ruangwa akapiga. Yule mzee alikuwa ameuliza dukani alikotengenezewa kadi, na mwenye duka la kule akamtaja huyu kuwa ndiye aliyempa linki.

"Mdogo wangu, nisamehe. Niliitupa linki kwenye kundi letu la wenye steshenari. Nilidhani ni kama kuazimana kalamu. Sikujua kwamba nakata riziki yako."

Nilisema, "Haina shida," kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Shida ipo. Wateja sasa wanataka kadi ambayo mwenzao hana, na hiyo ya zambarau wanayo wote. Nichoree ambayo ni ya duka langu peke yake. Hiyo sitaigawa, nitakuwa najiibia mwenyewe. Unafanya bei gani?"

Nikashika simu. Elfu mbili ilikuwa inakuja mdomoni, na labda ningeishusha mpaka elfu moja na mia tano kabla hajaomba.

Mama, aliyekuwa anasikia yote, akaninyang'anya simu. Nikafumba macho.

"Mwanangu, hujambo? Ya duka moja ni elfu kumi," alisema. "Hapunguzi. Na namba ya chini ataacha nafasi wazi, mjaze wenyewe."

Yule wa Ruangwa akajibu: "Sawa mama. Natuma."

Akanirudishia simu mkononi, akaenda kuinjika kunde zake. Ahsante sikuweza kuitamka. Nilikwenda nikamchochelea moto.