Dakika Nane za Stiki

Rafiki yangu, Mkongo aliyekuwa akishona viatu karibu na kibanda cha gemu kule mtaani Kansanga, alikuwa na gumba la kushoto lisilokunjika. Mlango wa lori ulilibana siku za ukuli wake bandarini Port Bell. Kwenye padi ya kawaida, kile kidhibiti cha kushika kwa mikono miwili, gumba hilo ndilo linalomwendesha mpiganaji, kwa hiyo gemu la ngumi lilimshinda, ingawa akili yake ilikuwa mbele ya vijana wote pale. Vijana walimwachia raundi moja moja. Aliichukia huruma ile kuliko kushindwa kwenyewe, nami nilimpenda kwa hilo.

Nikamtafutia stiki: sanduku pana lenye mpini wa kushika kwa kiganja chote, na upande wa kulia vitufe vinane vikubwa. Ilikuwa ya bei nafuu, haina jina wala leseni ya waliotengeneza konsoli, yaani mashine ya gemu. Mimi hutengeneza simu, na fundi simu hudhani kila chenye waya ni ndugu yake.

Niliifunga kwa majivuno. Nyuma kulikuwa na swichi ya nafasi tatu: kompyuta, konsoli ya zamani, konsoli mpya. Nikaiweka kwenye mpya kabla ya kuchomeka, kwa sababu stiki ile huisoma swichi mara moja tu, inapopata umeme. Waya niliuingiza kwenye konsoli yenyewe, bila kupitia kigawanyio, na televisheni nikaiweka kwenye hali ya gemu ili isicheleweshe picha kwa kuipamba. Kisha tukapanga vitufe: ngumi tatu safu ya juu, mateke matatu safu ya chini, na kukaba, ambako kwa kawaida ni vitufe viwili kwa pamoja, nikakuweka kwenye kimoja cha pembeni. Alibonyeza, na mpiganaji akarusha ngumi papo hapo. "Ndugu, hii inanisikia!" akasema, macho yamemlowa.

Akafanya mazoezi miezi miwili. Sasa, desturi ya kibanda chetu ilikuwa hivi: mechi ikiisha, kila mtu anachomoa chake, hata mshindi, ili mwenye kibanda ahesabu nani amecheza. Hakuna aliyewahi kuacha waya wake ndani hata dakika sita. Sikuliona hilo kuwa jambo.

Siku ya mashindano, kwenye ukumbi wa baa iliyofungwa mchana, alipita mechi tatu fupi. Hakuna aliyemwachia kitu. Fainali ilikuwa ya kushinda mara tatu, bila kuchomoa katikati. Akashinda mara mbili. Watu walikuwa wamesimama, nami nilikuwa napiga makofi hadi viganja vinawaka.

Katika ya tatu, akiwa anaongoza, skrini ikasimama. Maandishi yakasema kidhibiti kimekatika.

Ningechomoa waya na kuurudisha, basi, yangeisha. Lakini mimi fundi nikasema moyoni ni swichi, nikaisukuma kwenye konsoli ya zamani, ndipo nikachomoa na kuchomeka. Taa ikawaka, mpiganaji hakujibu. Nikairudisha kwenye mpya, safari hii bila kuchomoa, kwa hiyo stiki haikujua lolote. Nikabonyeza vitufe vyote kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

"Ssebo, bwana, muda ya kurekebisha imeisha," mwamuzi, dada mpole, akamwambia rafiki yangu. "Chukua padi ya hapa." Akamwekea mapajani. Gumba lake halikukunjika. Mpinzani alishinda tatu mfululizo, na katika ile ya mwisho alianza kupunguza kasi, kwa huruma. Nilitaka ardhi inimeze.

Miezi baadaye mteja mmoja, mchezaji kutoka Nairobi, akanieleza: konsoli ile huiomba stiki ithibitishe leseni, na isiyo nayo huifukuza baada ya dakika nane. Ukichomoa na kuchomeka upya, hesabu inaanza tena. Ni hilo tu. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja akikimbia.

Nikaenda mbio kumwambia. Alikuwa amekaa na kiatu mapajani. Nikamweleza dakika nane, leseni, swichi, kosa langu lote. Nikamwomba tuichomeke tuhesabu pamoja. Alikuwa amekwisha kuiuza kwa Mkenya mmoja mpita njia.

"Ndugu," akasema taratibu, "mi najua ni mukono yangu. Ilifinya mahali mubaya."

"Si mkono wako. Nakuapia."

Akanitazama, kisha akatabasamu lile tabasamu alilowapa vijana walipomwachia raundi.

"Aksanti," akasema. "Wewe ni mutu ya huruma."