Siku Nilizoogopa Choo

Nilipasuliwa bawasiri Jumatatu, na Jumatano nikaruhusiwa kurudi nyumbani Nyabiyonza. Jirani alinirudisha kwa gari lake. Nililala ubavu kiti cha nyuma, nimekumbatia mto, na kila shimo la barabarani nililisikia mahali ambapo mwalimu wa darasa la tatu hawezi kupataja mbele za watu.

Nilikuwa na bawasiri tangu uzazi wangu wa mwisho. Nilizificha miaka sita. Mwishoni zilikuwa zinatoka nje na kugoma kurudi, na damu ilikuwa inachafua nguo nikiwa nimesimama ubaoni. Daktari alisema hapo hakuna dawa ya kupaka, ni kukata.

Muuguzi wa wodi alinipangia dawa juu ya shuka. Parasetamoli kwa saa zilizopangwa. Diklofenaki baada ya chakula, asubuhi na jioni. Vidonge vichache vikali, tramadoli, vya siku mbili tu, maumivu yakizidi. Na chupa ya dawa tamu ya maji, laktulosi, ya kulainisha choo. "Hii ndiyo usiiache," alisema. Niliitikia. Kichwani nilikuwa nasikia mwanamke wa kitanda cha pili, aliyetangulia kupasuliwa, alivyolia chooni asubuhi ile. Wodi nzima ilinyamaza kumsikiliza.

Hapo ndipo nilipoamua, bila kumwambia mtu, kwamba mimi sitaenda.

Mume wangu anafundisha Kyerwa na hurudi Ijumaa jioni, kwa hiyo aliyeniuguza ni mama yake. Mkwe wangu ni mwanamke wa shamba, mkimya, ambaye katika miaka kumi na miwili hatukuwahi kuzungumza lolote lililo chini ya kiuno. Aliniletea ndizi na maharage, akaniwekea papai pembeni. Akitoka, nilimega kidogo, kilichobaki nikakifunika na kumwambia nimeshiba. Maji nilikuwa naonja tu. Laktulosi niliiacha siku ya pili, maana niliwaza: nikiharisha juu ya kidonda kibichi si nitakufa? Vidonge vikali nilivimeza vyote, tena kwa kuvipanga, hata saa ambazo maumivu hayakuwa makali, ili nisisikie chochote.

Alhamisi tumbo lilijaa. Ijumaa asubuhi lilikuwa gumu, na chini kulikuwa na uzito unaosukuma, unapumzika, unasukuma tena. Kila uliposukuma nilibana, na kila nilipobana kidonda kiliuma hadi jasho likanitoka. Nilikuwa nimelala ubavu nikiuma ncha ya kanga mkwe wangu alipoingia.

"Mwanangu, siku ya ngapi hii hujaenda nje?"

"Ya nne, mama."

Alitoka. Nilimsikia akitwanga kitu nyuma ya jiko. Aliporudi alikuwa ameshika bakuli la maji ya kijani na kibuyu kidogo chenye shingo nyembamba. Nilikijua. Watoto wetu wote, tumbo likifunga, wamepigwa bomba na kibuyu kile, dawa ya majani ikaingizwa kwa nyuma.

"Geuka," alisema kwa upole. "Ni mara moja tu."

"Mama, hapana."

"Utapasuka tumbo."

"Mama, kuna kidonda! Usiniguse!"

Sikuwa nimewahi kumpandishia sauti mkwe wangu. Alisimama palepale, shingo ya kibuyu ikidondosha maji sakafuni, uso wake umefunga. Nilitafuta simu. Namba ya wodi ilikuwa nyuma ya karatasi ya kliniki. Nilipiga na kuweka sauti kubwa, kwa sababu nilitaka yeye asikie mtu mwingine akimkataza, si mimi.

Aliyepokea alikuwa muuguzi yuleyule. Nilimweleza.

"Umekula nini tangu jana?"

"Uji."

"Kiasi gani?"

"Vijiko vitatu."

"Na dawa ya kulainisha choo?"

"Nimeiacha, sista. Niliogopa."

Alivuta pumzi. "Sikiliza mwalimu. Choo kikikaa ndani, mwili unakinyonya maji, kila siku kinazidi kukauka. Hicho unachokiogopa unakitengeneza mwenyewe. Na vile vidonge vikali vinafungisha. Bado vipo?"

"Vimeisha."

"Afadhali. Baki na parasetamoli na diklofenaki, lakini ule kwanza. Anza tena laktulosi leo asubuhi na jioni, kipimo nilichokuandikia. Haifanyi kazi papo hapo, inaweza kuchukua siku moja au mbili. Inavuta maji kwenye choo, kwa hiyo kunywa maji, usionje. Una homa? Mkojo unatoka?"

"Sina homa. Mkojo unatoka."

"Ukipata homa, mkojo ukikataa, au damu ikitiririka na mabonge, usingoje, njoo. Na Jumapili jioni ikifika bado, njoo pia."

Mkwe wangu akainama kwenye simu. "Na bomba, mwanangu?"

"Hapana mama. Kwenye kidonda kile usiingize kitu chochote, hata maji matupu. Mchemshie maji, yapoe yawe vuguvugu, akae kwenye beseni robo saa, mara tatu nne kwa siku. Hiyo ndiyo kazi yako."

Simu ilipokatika hakuniangalia. Alikwenda kumwaga bakuli lake. Nilidhani nimemuudhi, na pengine nilimuudhi kweli, lakini alirudi na jagi la maji na kikombe, akakaa kwenye kigoda mlangoni.

"Kunywa nikiona," alisema.

Nilikunywa. Nilikula papai zima akiniona. Kwenye beseni la maji vuguvugu alinishika mkono nishuke, akageuza uso ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu misuli ililegea. Nililia kwa raha ile ndogo.

Jumamosi hakikutoka kitu, tumbo likinguruma tu. Mume wangu alizunguka uani akiuliza kama atafute gari. Jumapili aliwapeleka watoto kanisani. Mama yake, ambaye hakosi ibada, alibaki.

Nilikuwa nimemaliza chai na dawa, kama nusu saa hivi, haja iliponijia. Haikuwa ule uzito; ilikuwa haja yenyewe, na ilikuwa na haraka. Nilitembea kwenda choo cha nyuma nikishika migomba.

"Usisukume," alisema nje ya mlango. "Pumua kwa mdomo. Achia."

"Siwezi, mama."

"Pumua."

Nilichuchumaa nikashika ukuta. Kiliuma. Sitasema hakikuuma: kama kuchanwa na kuunguzwa kwa pamoja, macho yakajaa giza, nikapiga kelele ambayo bila shaka majirani waliisikia. Lakini kilikuwa laini, na kilipita. Niliangalia karatasi niliyojipangusia: damu nyekundu, matone, basi. Niliisubiri itiririke. Haikutiririka.

"Kimetoka?"

"Kimetoka."

"Asante Mungu," akasema kwa Kinyambo, halafu haraka, kwa Kiswahili, "beseni liko tayari."

Maumivu ya baadaye yaliendelea karibu saa mbili, yakibana na kuachia, ingawa maji yaliyapunguza. Nikiwa nimekaa humo, mkwe wangu, uso bado ukutani, aliniambia kwamba naye ana bawasiri, tangu mtoto wake wa nne, na hajawahi kumwambia mtu.

"Zinatoka damu?" nikamuuliza.

"Wakati wa kuvuna kahawa, nikibeba magunia."

Choo cha pili, Jumatatu, kiliniuma nusu ya kile. Laktulosi niliendelea nayo hadi wiki ya tatu, nikaipunguza kama nilivyoelekezwa. Shuleni nilirudi baada ya mwezi, na siku nilipokwenda kliniki kukaguliwa kidonda tulikwenda wawili, mimi na mkwe wangu. Aliingia yeye kwanza kwa daktari.