Mama Aliyeuza Chupa ya Chai

Tangu mumewe afariki na duka lao la vitambaa kufungwa, mama mmoja wa miaka hamsini na miwili aliweza kumaliza siku mbili bila kusema na mtu. Alipoitwa kwenye usaili wa kazi ya mauzo, alifanya mazoezi peke yake sebuleni, akikiuliza maswali kiti kitupu.

Siku ya usaili, meneja, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimsogezea chupa mpya ya chai. "Mama, niuzie hii."

Hakuanza kuisifu. "Chai unakunywa saa ngapi, mwanangu?"

"Asubuhi. Ila simu haziishi, nikirudi kwenye kikombe imeshapoa."

"Ikipoa unafanyaje?"

"Naimwaga, natoka kutafuta nyingine. Nusu saa imekwenda."

"Kwa hiyo unataka chai ya moto hapohapo mezani, usipoteze muda?"

"Hasa."

"Chupa hii inatunza moto hadi mchana. Unamimina kidogo kidogo, kati ya simu na simu. Itakufaa?"

"Itanifaa."

"Basi nikufungie moja sasa hivi, au kuna jambo linakuzuia?"

Meneja akacheka. "Wenzako wote wamenisifia rangi na mfuniko. Wewe umeniuliza mimi. Jumatatu anza kazi."

Alishuka ngazi moyo ukimdunda kwa furaha. Barabarani akatoa simu, akapekua majina yote hadi la mwisho, asione wa kumpigia. Akaitia mkobani, akatembea taratibu kurudi nyumbani, akihesabu siku zilizobaki kufika Jumatatu.