Mguu wa Pili wa Muuguzi

Katika miaka ya sabini nilikuwa mrekebishaji wa picha katika studio moja ya mjini Shinyanga. Kazi yangu ilikuwa kuziba vidoa vyeupe ambavyo vumbi la mji ule liliacha kwenye kila picha, kupunguza mikunjo ya nyuso za wakubwa, na mara chache kumfumbua macho bwana arusi. Nilikuwa na brashi tatu, wembe, karatasi ya msasa laini na chupa ya wino mweusi. Nilijiona mtu makini, na mwenye studio alikubaliana nami, ingawa alisema umakini wangu unachelewesha wateja.

Siku moja mke wake, aliyekaa kaunta, alituletea barua. Iliandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kujaza kadi za wagonjwa: kila herufi imesimama peke yake, imenyooka. Mwandishi alikuwa mmoja wa wauguzi waliohitimu wiki iliyotangulia, ambao mwenye studio alikwenda kuwapiga picha chuoni kwao.

"Ndugu Meneja," iliandikwa. "Yah: Picha yangu ya mahafali. Mimi ni yule mwenye hogo la plasta mguu wa kushoto. Naomba mniondolee hogo na magongo yote mawili. Mimi mwenyewe msiniondoe."

Maelezo yalifuata. Alianguka kutoka kwenye kibebeo cha baiskeli akitoka kanisani, akavunjika mguu, siku chache kabla ya mahafali. Nyumbani, upande wa Mhunze, hawakujua, na kwa sababu ya mavuno ya pamba hakuna aliyekuja. Mdogo wake alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na shangazi yao mkubwa, aliyewalea, alikuwa amesema hadharani kwamba msichana akipelekwa mbali hurudi ana kasoro. Baba alikuwa hajaidhinisha fomu ya shule. Shangazi alisema atanyamaza akiiona picha ya dada mtu amesimama mzima. "Hogo litatolewa kabla sijaenda likizo," alimalizia, "lakini fomu haiwezi kusubiri. Mkishaitengeneza, itumeni moja kwa moja kwa baba yangu."

"Huu ni uongo," nilimwambia mwenye studio.

"Na yule mwenyekiti uliyemtoa kidevu cha pili?"

"Kile kilikuwa kivuli."

"Kilikuwa nyama, ndugu yangu. Mteja akitaka tumtoe pua, tunamtoa pua. Kata."

Njia rahisi ilikuwa kuichapa picha kuanzia kiunoni kwenda juu. Mke wake akaikataa.

"Shangazi anataka kumwona amesimama. Ukimkata kiunoni, atauliza mmeficha nini chini. Mimi ningeuliza."

Ilibidi kumtafutia mguu. Tulipekua picha za wateja wote waliopigwa wamesimama. Wa mama wa kwaya ulikuwa mnene, wa mwalimu mmoja ulivaa suruali, na wa golikipa, ingawa ulikuwa mzuri, ulikuwa na nywele. Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo nililisifu kwa siku kadhaa: kuigeuza negativu, upande wa nyuma uwe mbele, kwenye mashine ya kukuzia picha, ili mguu wake mzima wa kulia uchapwe kama wa kushoto. Mguu ungekuwa wake mwenyewe. Dhamiri yangu ilipoa kidogo.

Niliukata kwa wembe, nikazikwangua kingo kwa msasa upande wa nyuma hadi zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, nikaubandika palipokuwa na hogo. Kwa kuwa mguu uliogeuzwa uliangazwa na jua la upande usio wake, niliupaka upya, nikauchorea kivuli kinachoelekea kunakostahili. Magongo niliyafuta kwa rangi ya sare na ya majani. Ikabaki mikono, iliyokunja ngumi hewani kama ya mtu anayesukuma toroli. Mkono wa kulia niliupa cheti kilichoviringishwa. Wa kushoto ulipewa mkoba wa mke wa mwenye studio, tulioupiga picha kwa ajili hiyo.

"Mkoba wangu unahitimu kabla yangu," alisema.

Mabega yalinishinda. Magongo yalikuwa yameyasukuma juu, na sasa, bila magongo, binti alionekana kama ameulizwa swali na hajali jibu. Tuliipiga picha ile iliyobandikwa ili tupate negativu mpya isiyo na mishono, tukaichapa, tukaituma.

Baada ya majuma mawili aliingia mzee mmoja mrefu, mwenye fimbo ya kuchungia na koti zito lisilolingana na joto. "Mwangaluka," alitusalimu kwa Kisukuma. Tuliitikia, nami nikaongeza shikamoo kwa usalama. Aliitoa picha kwenye koti, akaiweka kaunta.

"Nimekuja kuuliza," alisema, "mguu wa kushoto wa mwanangu uko wapi."

Mwenye studio alinitazama. Nilitazama chupa ya wino.

"Si huo hapo, mzee?"

"Huu ni wa kulia. Ndama alimpiga kwato hapa, chini ya goti, akiwa mdogo, nami ndiye niliyemfunga dawa. Kovu ni moja. Hapa yako mawili." Aliyagusa kwa ncha ya kucha. "Ng'ombe akirudi kundini ana alama ileile pande zote mbili, tunajua kuna mkono wa mtu. Nimetoka nyumbani nikijiambia: wamemkata mguu, wananificha."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kovu nililiona. Nililiona tangu mwanzo na kulihifadhi kwa uaminifu mkubwa, mstari kwa mstari, mara mbili.

Mke wa mwenye studio hakungoja sisi wanaume tutunge jambo. Alimsomea mzee barua yote, kisha akamletea picha ya kwanza. Mzee aliipitia kwa ncha ya kucha: hogo, magongo, kofia ya uuguzi iliyonyooka.

"Hogo tu?"

"Hogo tu, baba. Baiskeli."

"Siku chache kabla. Na akaenda kusimama na wenzake hivyohivyo." Aliketi kwenye kiti cha wateja, akapumua. "Ng'ombe aliyevunjika mguu angekuwa ameshachinjwa."

"Na shangazi amesemaje?" mke aliuliza.

"Dada yangu? Ameutazama mkoba na hayo mabega. Amesema shule haimvunji mtu ila inampa maringo, na maringo yanatibika. Kesi yake imekwisha. Yangu ndiyo ilikuwa imebaki."

Alitoa fomu kwenye koti hilohilo, imekunjwa mara nne, akauliza pa kuweka kidole. Nilimsogezea wino wangu. Alichovya kidole gumba katika chupa iliyoficha kasoro za nusu ya mji, akakikandamiza kwenye karatasi, na alama ikatoka safi, mistari yote ikihesabika. Aliondoka na picha zote mbili: yetu kwa ajili ya dada yake, ile ya hogo kwa ajili yake mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata alirudi na binti mdogo, aliyehitaji picha ndogo ya kubandika kwenye fomu za shule. Mwenye studio alimketisha, akaisogeza kamera karibu na uso.

"Na miguu?" mzee aliuliza kutoka mlangoni.

"Picha ya fomu haichukui miguu, mzee."

"Mpige nyingine, amesimama. Hiyo nakaa nayo mimi." Kisha akanielekezea fimbo, bila hasira. "Na huyu wa brashi asiiguse."

Niliweka mikono mfukoni. Picha ile ilitoka na vidoa vitatu vya vumbi, na mzee aliichukua hivyohivyo.