Pesa za Chama Kwenye Simu ya Mama Mahamri

Nilipokuwa nikikagua maombi ya mikopo midogo Kisauni, hakuna kilichoniudhi kama mtu kuita kila shilingi iliyoingia kwenye simu yake mapato. Mama mmoja muuza mahamri wa Junda alileta stetimenti ya simu iliyonona. Nikaona kila Ijumaa wanawake walewale wakimtumia kiasi kilekile, na jioni pesa zote zikitumwa kwa mmoja wao, kila wiki zamu ya mwingine.

"Mama, hizi ni za chama. Wewe ni mweka hazina tu."

Nikazikata kwa kalamu nyekundu, zikabaki za mahamri. Mkopo ukapungua nusu.

Nilingoja anigombeze. Akacheka.

"Nipe hiyo karatasi, mwanangu. Mume wangu amenuna mwezi mzima, ati namficha utajiri."