Alama Nne za Tabaka na Hadhi

Swali lilikuwa fupi. Eleza, ukitoa mfano, tofauti kati ya tabaka na hadhi. Alama nne. Nililitunga mwenyewe kwa mtihani wa katikati ya semesta, wakati huo nikifundisha utangulizi wa sosholojia katika kampasi moja ndogo hapa Voi. Ni swali ambalo mwanafunzi aliyehudhuria hawezi kulikosa. Katika majibu yote ya darasa lile, la mama mmoja pekee ndilo lililokuwa na uhai ndani yake, nami nikalipatia sifuri.

Mama huyo alikuwa amenizidi umri kwa miaka kama kumi. Alinunua ndizi kwa wakulima wa Taveta na kuzipeleka Mombasa kwa malori yake mwenyewe. Shule aliiachia kidato cha pili, akarudi ukubwani kumaliza, kisha akajiunga nasi. Aliketi safu ya mbele, daftari lake limefunikwa kwa gazeti kama la mtoto wa msingi. Wanafunzi walimwita Mama Ndizi. Hata mimi nilimwita hivyo, si mbele yake.

Jibu lake lilianza vizuri. Tabaka, aliandika, ni nafasi ya mtu sokoni: ana mali gani au ujuzi gani wa kuuza, na hivyo maisha yanampa nafasi gani. Hadhi ni heshima ambayo watu wengine wanakupa au wanakunyima, na inaonekana kwa namna mtu anavyoishi, anakula na nani, anaoana na akina nani. Viwili hivyo mara nyingi hufuatana lakini si lazima. Mwenye pesa mpya anaweza kukataliwa na wenye hadhi, na mwenye hadhi anaweza kuwa hana kitu. Hata mimi nisingeliweka vizuri zaidi.

Kisha ukaja mfano. Mume wake alitoka ukoo wa walimu, kule Wundanyi. Kwenye sherehe ya ukoo huo, ng'ombe aliyechinjwa alinunuliwa naye, lakini wake wa ndugu za mume, wote walimu, walikaribishwa sebuleni, naye akaambiwa apitie jikoni akasaidie kumenya vitunguu. Hapo angeachia, ningempa nne na kusahau. Aliongeza mistari mitatu. Mfano mwingine, aliandika, ni mwalimu wetu. Hana shamba, hana gari, kazi yake ni ya mkataba wa semesta moja moja, kwa hiyo kitabaka yuko chini yangu. Lakini mimi na yeye tukiingia ofisi yoyote, yeye anapewa kiti na kuitwa Daktari, ingawa bado hajamaliza kusomea udaktari.

Nilisoma mistari ile nikahisi masikio yanawaka. Ni kweli nilikuwa sijamaliza. Tasnifu yangu ilikuwa imekwama miaka mingi, na watu walipoanza kuniita Daktari sikuwakataza. Sikujua kama kuna mwanafunzi anayejua. Nilichora sifuri kubwa kwa wino mwekundu.

Siku ya kurudisha karatasi niliibakisha yake mkononi.

"Nataka niwasomee," nikawaambia, "muone jinsi mtu asivyotakiwa kujibu mtihani wa chuo kikuu."

Kiingereza chake kilikuwa cha kukatika katika. Nilikisoma vilevile, nikisita kila penye kosa, nikivuta matamshi kama ya kina mama wa sokoni. Darasa lilicheka. Nilipofika kwenye vitunguu walicheka zaidi, mmoja akagonga meza. Mama aliangalia mikono yake. Nikaikunja karatasi.

"Mwalimu," akasema, "hujamaliza."

"Inatosha."

"Nakuomba umalize. Wamenicheka mimi, basi wasikie yote."

Sikumaliza. Alisimama, akaichukua karatasi mkononi mwangu bila kuivuta, akampa kiongozi wa darasa. Kijana yule aliisoma haraka, bila kujua inakoelekea, na alipofika kwenye udaktari ambao sijaumaliza sauti ikamfia. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Semesta ilipoisha, mama alikuwa chini ya alama ya kupita kwa alama moja tu. Zile nne zingemvusha. Alikuja ofisini na karatasi yake, amevaa gauni la kanisani.

"Mwalimu, naomba unionyeshe nilipokosea."

"Mfano wako haukuwa wa kitaaluma."

"Na maelezo je? Tabaka nimekosea? Hadhi nimekosea?"

"Mama, uamuzi ni wa mwalimu."

Alikwenda kwa mkuu wa idara, nami nikaitwa. Mkuu alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, aliyekaribia kustaafu. Alimwomba mama asubiri nje, akalisoma jibu polepole.

"Hili jibu ni sahihi," akaniambia.

"Najua."

"Sasa mbona sifuri?"

"Alinidharau, mzee."

Aliitazama karatasi tena, na najua alikuwa kwenye mistari ile mitatu, kwa sababu aliinua macho kuniangalia kisha akayashusha. Nilidhani ataniambia nirekebishe. Ningerekebisha, nilikuwa tayari nimeshaanza kutafuta maneno.

"Tukikubadilishia alama kwa sababu ya mama wa ndizi," akasema, "kesho nani atakuheshimu? Na akishamaliza na wewe atakuja kwangu."

Akamwita ndani. Alimwambia idara imepitia jibu lake na imeridhika na usahihishaji, na kwamba anaweza kurudia somo mwaka ujao. Hakumpa kiti. Viti viwili vilikuwapo, kimoja nimekikalia mimi.

"Mmeridhika," mama akasema. Alirudia neno hilo kama anayejifunza kulitamka. Aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia ndani ya mkoba, akatushukuru sote wawili na kutoka. Mwaka uliofuata hakurudi.

Nilimwona mara moja tu baadaye, Taveta, nilipokwenda kukusanya data za ile tasnifu yangu. Alikuwa uwanjani pa kupakilia, anahesabu mikungu na kuwafokea wapakiaji. Nikasogea. Alinitambua mara moja.

"Karibu, Mwalimu," akasema, na hakusema Daktari. Alimtuma mtu alete kiti na soda. Nilikaa juani, chupa mkononi, nikimsubiri amalize lori zima, na wakati wote huo hakuniangalia. Alipokuja alibaki amesimama.

"Nilitaka kukuomba samahani," nikasema. "Jibu lako lilikuwa sawa."

"Nilijua siku ile ile."

"Nilikosa. Sijui nikwambie nini."

"Usiniambie mimi." Alisema bila hasira, kama anayempangia mtu kazi. "Samahani siwezi kuipeleka popote, Mwalimu. Nenda pale idarani, andika barua kwamba alama yangu ni nne. Hilo tu. Siku moja nataka nikae katika sebule ile Wundanyi, na kitakachonikalisha pale ni cheti, si malori."

Niliahidi. Nilimaanisha, naamini. Lakini barua ile ingenilazimu kueleza kwa nini nilitoa sifuri, na mkataba wangu ulikuwa unasubiri saini ya mkuu yule yule. Nikaiahirisha hadi mkataba utoke. Ulipotoka, nikaiahirisha hadi tasnifu ipite. Tasnifu ilipita. Sasa wananiita Daktari kwa haki, mlango wangu una kibao, na barua sijaiandika.